Nani aliona, nani aliambiwa, na saa ngapi: kuandika tukio kwenye kitabu cha lindo

Ingia kibanda chochote cha mlinzi hapa Dodoma, kiwe cha Kisasa, Nzuguni au kwenye maghala ya Kizota, uombe kuona kitabu cha matukio, ile kaunta buku ambayo wote tunaiita OB. Fungua ukurasa wa jana usiku. Uwezekano ni mkubwa utakuta hivi: saa 2000 hali shwari, saa 2100 hali shwari, saa 2200 hali shwari, mpaka alfajiri. Mwandiko ni mmoja, wino ni mmoja, na mistari imekaa vizuri kana kwamba yote imeandikwa kwa mkao mmoja. Mara nyingi imeandikwa kwa mkao mmoja kweli, saa mbili usiku, ili mtu amalize kazi mapema.

Ukurasa wa namna hiyo hauna kesi na mtu mpaka siku jambo litokee. Hapo unasomwa upya, na safari hii wasomaji ni mpelelezi, mtu wa bima, mwenye mali na pengine wakili, na kila mmoja anatafuta kitu kilekile: nani alijua nini, alikijuaje, na ilikuwa saa ngapi. Makosa mengi ya OB ninayoyaona kazini yanatokana na maswali hayo matatu kuchanganywa katika sentensi moja. Tuchukue mfano mmoja wa kutunga, tuupitie polepole.

Lindo ni ghala la alizeti Kizota. Walinzi ni wawili, mmoja geti kuu ambako kitabu kipo, mwingine anazunguka nyuma ya yadi akiwa na tochi, filimbi na redio. Zamu imeanza saa 1800 tarehe 12 Juni 2024 na inaisha saa 0600 tarehe 13. Ndani ya yadi limelala Fuso moja karibu na ukuta wa nyuma. Asubuhi bosi anakuta kitabuni maneno haya:

*"Usiku wa tarehe 12 majira ya saa 8:40 wezi waliingia yadi na kuiba betri mbili za Fuso. Tuliwafukuza wakakimbia. Mmoja alitambulika kuwa ni utingo wa zamani. Taarifa ilitolewa kwa uongozi na hatua stahiki zilichukuliwa."*

Ukiisoma haraka unaona ni taarifa nzuri, hata lugha yake ni ya kiofisi. Lakini karibu kila neno lake lina shida.

Tuanze na saa, kwa sababu ndiyo inayoangusha watu wengi. "Saa 8:40" peke yake inaweza kusomwa kwa namna nne, na hata ukiongeza "usiku" zinabaki mbili. Kwa hesabu yetu ni saa nane na dakika arobaini, ama mchana ama usiku. Kwa mtu aliyeitoa kwenye simu yake ni asubuhi saa mbili na dakika arobaini, au usiku saa hiyohiyo. Mlinzi mwenyewe anajua alimaanisha nini. Anayesoma miezi minane baadaye hajui, na huenda mlinzi naye atakuwa amesahau. Ndiyo maana lindo linatumia saa ya tarakimu nne, na linatumia hiyo tu. Kuibadilisha si kazi ngumu. Kuanzia saa moja usiku hadi saa tano usiku unaongeza 18, kwa hiyo saa tano ni 2300. Saa sita usiku ni 0000. Kuanzia saa saba usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi unatoa 6, kwa hiyo saa nane na dakika arobaini ni 0240. Kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni unaongeza 6. Mlinzi mgeni abandike hesabu hii ndani ya jalada la kitabu, na ndani ya wiki hataihitaji tena.

Halafu kuna tarehe. Kwenye mazungumzo yetu usiku ni mmoja, unaanza jua linapozama na unaisha kunapokucha, kwa hiyo mlinzi aliyeingia tarehe 12 anaona bado yuko tarehe 12 mpaka atoke. Kitabu hakiendi hivyo. Ikifika 0000 tarehe imebadilika, na njia iliyo salama ni kupiga mstari ukurasa mzima, kuandika 13/06/2024 chini yake na kuendelea. Tukio letu la 0240 ni la tarehe 13. Ukiandika "usiku wa tarehe 12", polisi wataandika 12 kwenye maelezo yako, hati ya mashtaka itafuata 12, kisha mashahidi wengine watakuja mahakamani na 13. Hati inaweza kurekebishwa, ni kweli, lakini tofauti ya tarehe ikiachwa bila kurekebishwa utetezi unaishikilia, na kesi inaweza kuanguka hapo.

Kuna jambo la tatu kuhusu saa ambalo makampuni hayafundishi vya kutosha, nalo ni saa ipi. Simu inachukua saa kutoka kwenye mtandao, lakini mashine ya kamera inakwenda na saa aliyoiweka fundi, na mara nyingi inapotea kwa dakika kadhaa, au zaidi baada ya umeme kukatika. Mlinzi akipokea zamu aangalie zote mbili na aandike mstari mmoja: "Saa ya simu yangu 1805, saa ya kamera inaonyesha 1752." Mstari huo unamaanisha picha ya saa 0227 kwenye kamera ni tukio la 0240 kitabuni. Bila mstari huo vitu viwili vilivyo sahihi vinaonekana kupingana.

Sasa neno "wezi". Mlinzi hakuona wezi, aliona watu. Na neno "kuiba" ni hitimisho. Katika mfano wetu, mlinzi wa nyuma alisikia sauti, akamulika, akaona mtu mmoja amechuchumaa pembeni ya gari na mwingine juu ya ukuta, wakakimbia. Baadaye akakuta sehemu ya betri iko tupu na betri moja iko chini karibu na ukuta. Betri ya pili haipo. Je, iliondoka na wale watu wawili? Yeye hakuona yeyote amebeba kitu. Pengine ilisharushwa nje kabla, pengine kulikuwa na mtu wa tatu, na pengine, samahani kwa kusema, ilitolewa mchana na mtu wa ndani. Mpelelezi ndiye atakayetafuta jibu. Mlinzi akiandika "wezi waliiba betri mbili" amemfungia mpelelezi mlango, na amejifunga yeye mwenyewe, kwa sababu akiulizwa "uliwaona wakiiba betri mbili?" jibu la kweli ni hapana.

"Tuliwafukuza" nayo inaficha kitu kikubwa. Aliyeandika ni mlinzi wa geti kuu, kwa sababu kitabu kiko kwake. Aliyeona ni wa nyuma. Hiyo "tu" inawaweka wote wawili kwenye tukio ambalo mmoja wao alilisikia kwenye redio tu. Hapa ndipo kitabu kinapopoteza thamani yake mahakamani, na inafaa kueleza kwa nini.

Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inamruhusu shahidi kujikumbusha kwa kutazama maandishi aliyoyaandika yeye mwenyewe wakati wa tukio au muda mfupi baadaye, kumbukumbu ikiwa bado mbichi. Inamruhusu pia kutumia maandishi ya mtu mwingine, ila iwe aliyasoma wakati huohuo na alipoyasoma akajua kuwa ni sahihi. Sasa fikiria mlinzi wa nyuma anasimama kizimbani mwaka mmoja baadaye. Maandishi si yake, hakuyasoma usiku ule, sahihi yake haipo. Atajikumbusha kwa kitu gani? Wa geti naye ana maandishi, lakini hakuona chochote. Kumbe dawa ilikuwa ndogo tu: mlinzi wa nyuma aje getini hali ikitulia, aandike mwenyewe aliyoyaona. Kama mwandiko unampa shida, mwenzake aandike kwa maneno yake, amsomee au asome, kisha aweke sahihi na saa. Mlinzi wa geti aandike yake peke yake, yaani alichosikia na alichofanya.

Usiku uleule, ukiandikwa sawasawa, ungesomeka hivi. Mlinzi wa geti kwanza:

*"Na. 9. 13/06/2024, saa 0243. Mlinzi wa nyuma ameniita kwa redio. Amesema ameona watu wawili karibu na Fuso na wamekimbia kupitia ukuta wa nyuma. Mimi niko geti kuu, sijawaona. Geti kuu limefungwa kwa kufuli."*

*"Na. 10. Saa 0246. Nimempigia simu msimamizi wa zamu, amepokea. Amesema anakuja na tusiguse kitu."*

Kisha mlinzi wa nyuma kwa mkono wake:

*"Na. 11. Imeandikwa saa 0320. Saa 0240 nikiwa kwenye kona ya choo cha madereva nilisikia chuma kikigonga chuma mara mbili upande wa Fuso. Nilisogea na kuwasha tochi. Niliona mtu mmoja amechuchumaa upande wa kulia wa gari na mwingine amekaa juu ya ukuta. Kati yangu na aliyechuchumaa ilikuwa kama hatua 15. Nilipiga filimbi. Aliyechuchumaa alisimama, akanitazama kama sekunde 3, akakimbia akapanda ukuta. Wote wawili waliruka nje. Sikuona wamebeba kitu. Taa ya ukuta wa nyuma ilikuwa inawaka na nilimmulika usoni kwa tochi. Alivaa koti jeusi au la bluu nzito. Naamini ni mtu aliyekuwa utingo wa Fuso hili mpaka mwezi Machi (jina), nilikuwa nikimwona getini karibu kila siku. Wa juu ya ukuta sikumtambua. Nilipokagua, boksi la betri lilikuwa wazi, nyaya zimekatwa, betri zote mbili hazipo mahali pake. Betri moja iko chini, hatua 2 kutoka ukutani. Sijaigusa. Mara ya mwisho kuona boksi limefungwa ni doria ya saa 0130, Na. 8."*

Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, lakini haina pambo hata moja. Umbali, sekunde, taa na kumfahamu mtu kabla havikuwekwa kujaza ukurasa. Tangu mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania imekuwa ikiuliza mambo hayohayo kila shahidi anaposema alimtambua mtu kwa macho, hasa usiku: alimwona kwa muda gani, kutoka umbali gani, kwa mwanga gani, na alikuwa akimjua kabla au la. Neno "alitambulika" halijibu hata swali moja kati ya hayo. Tena halisemi alitambuliwa na nani.

Mahakama hiyohiyo inaupa uzito mkubwa ushahidi wa mtu aliyemtaja mtuhumiwa mapema, mara tu alipopata nafasi. Jina likiwa kwenye Na. 11, lililoandikwa saa 0320, lina nguvu. Jina lilelile likichomekwa saa mbili asubuhi, baada ya dereva, meneja na majirani kukaa kikao pale getini na kukubaliana kwamba "huyo ni fulani tu", lina harufu mbaya, hata kama ni la kweli. Ikitokea mlinzi amekumbuka jambo baadaye, asirudi juu kulibana pembeni mwa mstari. Aandike namba mpya kwa saa ya wakati huo: "Saa 0710. Nyongeza kwa Na. 11. Nimekumbuka kwamba…" Kuchelewa si kosa. Kosa ni kujifanya hukuchelewa.

Na kama hana hakika, aandike hana hakika. "Naamini" na "sikumtambua" ni maneno halali kabisa kitabuni. Walinzi wengi wanaogopa kwamba wataonekana wazembe, kwa hiyo wanazidisha. Mpelelezi mzoefu anamwamini zaidi anayesema wa pili hakumtambua, kwa sababu hiyo ndiyo hali ya kawaida ya usiku, hasa Juni upepo wa Dodoma ukiwa unavuma na kila mtu amejifunika mpaka masikioni.

Tazama sasa mstari wa mwisho wa Na. 11, ule unaotaja doria ya 0130. Huo unategemea doria hiyo iliandikwaje. Kama Na. 8 inasema "saa 0130 hali shwari", hausaidii kitu, kwa kuwa shwari haisemi umeangalia nini. Kama inasema "saa 0130 nimezunguka yadi yote, Fuso lipo, boksi la betri limefungwa, taa ya ukuta wa nyuma inawaka, kufuli la mlango mdogo limefungwa", basi tukio limebanwa kati ya 0130 na 0240. Watu waliokuwemo kwenye yadi mchana wamepungukiwa na tuhuma, na walinzi wenyewe wamejikinga. Doria nzuri inataja angalau vitu viwili au vitatu vinavyoweza kuhakikiwa, na visiwe vilevile kila mzunguko.

Sasa rudi kwa yule aliyejaza shwari zake zote saa mbili usiku. Kitabuni mwake tayari kuna "saa 0300 hali shwari" na "saa 0400 hali shwari". Tukio la 0240 ataliandika wapi? Chini ya 0400, ambapo kila mtu ataona kwamba saa zimerudi nyuma. Au achane ukurasa, na kaunta buku ikichanwa karatasi moja, ya upande wa pili wa uzi nayo inalegea. Kwa hiyo msimamizi anayefanya ukaguzi wa usiku hahitaji kuwa mpelelezi. Afike saa 0110 asome mstari wa mwisho. Akikuta 0400 hapo, maswali yamekwisha. Atie sahihi yake hapohapo chini ya mstari wa mwisho kwa wino mwekundu, na saa aliyofika, ili lisiingizwe kitu juu yake.

Kurasa zipigwe namba kwa mkono siku kitabu kinapofunguliwa, kabla ya tukio la kwanza. Mstari usirukwe. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya neno, lisomeke bado, andika lililo sahihi mbele yake na uweke sahihi fupi. Wino mweupe wa kufutia usiwepo kabisa kibandani, kwa maana kilichofutwa huzua maswali mengi kuliko kilichokosewa.

Imebaki ile sentensi ya mwisho ya taarifa mbovu: "Taarifa ilitolewa kwa uongozi na hatua stahiki zilichukuliwa." Sentensi hii imezoeleka kiasi kwamba mtu anaiandika bila kuisikia. Nani alitoa taarifa? Kwa nani? Kwa simu au ana kwa ana? Alipokea? Alisema nini? Linganisha na Na. 10, yenye maneno machache tu. Msimamizi akidai kwamba hakupigiwa, kuna saa ya kulinganisha na kumbukumbu za simu. Na kama hakupokea, hilo nalo liandikwe: "Saa 0244 nimempigia, hakupokea. Saa 0246 nimerudia, amepokea." Mtu hapaswi kumfichia bosi wake simu isiyopokelewa.

Hatua zinazofuata ziandikwe hivyohivyo, moja moja. Msimamizi alifika 0305. Polisi walifika 0410. Betri iliyo chini waliiacha pale ilipo mpaka polisi wakaja, na muda wote mlinzi wa nyuma au msimamizi alisimama karibu nayo. Polisi walipoichukua, kitabu kionyeshe aina ya betri na namba iliyochapwa juu yake, rangi, alama yoyote ambayo dereva aliweka, kisha jina, cheo na namba ya askari aliyeichukua, saa, na sahihi yake akikubali. Namba ya RB mwenye mali aliyopewa kituoni iandikwe mara tu inapopatikana. Betri bila namba ni betri tu, na sokoni ziko nyingi zinazofanana nayo. Siku ikikamatwa nyingine kwa fundi mahali fulani, hizo alama ndizo zitakazosema kama ni pacha wa hii.

Hapa hakuna aliyekamatwa. Angekamatwa, mistari ingeongezeka kidogo: saa aliyokamatwa, nani alimkamata, nguvu gani ilitumika, hali ya mwili wake alipokamatwa na alipokabidhiwa, na saa aliyokabidhiwa polisi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamtaka raia aliyekamata mtu amkabidhi polisi bila kuchelewa pasipo sababu, na mlinzi wa kampuni kwa hilo ni raia. Kama amekamatwa 0245 na kukabidhiwa 0630, kitabu ndicho kitakachoeleza saa zile zilikwenda wapi. Kama majirani walimpiga kabla walinzi hawajamwokoa, andika majirani walimpiga na alikuwa na majeraha gani. Ukinyamaza, majeraha yatahesabiwa kuwa yako.

Saa 0600 zamu inakabidhiwa. Wanaoingia wasiandike "nimepokea lindo hali shwari" huku boksi la Fuso likiwa wazi. Wazunguke na wanaotoka, waandike kilichopo na kisichopo kwa siku hiyo: Fuso lipo bila betri, moja imechukuliwa na polisi kama inavyoonekana kwenye namba fulani, nyingine haijapatikana, ukuta wa nyuma una alama za kupandwa. Walinzi wanne watie sahihi. Na kama polisi watahitaji kitabu chenyewe kama kielelezo, msimamizi apige picha kurasa zote za zamu hiyo kabla hakijaondoka, afungue kaunta buku mpya, aipige kurasa namba, na mstari wake wa kwanza useme kitabu cha awali kimechukuliwa na nani, tarehe na saa ngapi, na kiliishia namba ngapi.